KUTHIBITISHA ELIMU PASIPO CHETI

Chukueni daftari na kalamu, maana leo tutaandika kidogo.

Somo letu ni juu ya mkimbizi aliyesoma shule, akashinda mtihani, kisha akapoteza cheti chake katika vita. Sasa yuko nchi nyingine. Anataka kuendelea na masomo au kufanya kazi aliyojifunza, naye anaulizwa, "Cheti kiko wapi?" Je, afanye nini? Wengine watamwambia, "Nenda kwa wakili ukaape, mambo yatakwisha." Wengine watamwambia, "Bila karatasi huna lako." Maneno yote mawili si sawa, na leo tutaona kwa nini.

Tutatumia mfano mmoja tu, nao tutaufuata tangu mwanzo hata mwisho. Tuseme yuko mama mmoja, mwenyeji wa Uvira, mji ulio kando ya ziwa Tanganyika katika nchi ya Kongo. Tumwite Mama Mwalimu. Alisoma miaka 6 ya shule ya msingi na miaka 6 ya sekondari, upande wa ualimu. Mwaka 2011 alifanya mtihani wa taifa, akashinda, akapewa Diploma ya Serikali. Tangu mwaka 2012 alifundisha shule ya msingi. Mwezi wa Septemba 2017 mapigano yalifika Uvira, naye akakimbia na watoto. Diploma aliiacha nyumbani ndani ya sanduku la bati. Aliporudi baada ya siku mbili, alikuta mlango umevunjwa na sanduku halipo. Akaondoka moja kwa moja, na sasa yuko kambi ya Kakuma, kaskazini ya Kenya. Chuo kimoja cha ualimu kiko tayari kumpokea, lakini kinataka ushahidi kwamba alimaliza sekondari.

SHERIA INASEMAJE?

Kwanza tujue msingi. Mwaka 1951 mataifa yalifanya Mkataba wa Wakimbizi, na Kenya iliingia katika mkataba huo mwaka 1966. Kifungu cha 25 kinahusu shida hii. Mtu wa kawaida aliye ugenini akipoteza karatasi, huiomba serikali ya nchi yake. Lakini mkimbizi mara nyingi hawezi kuiomba, kwa sababu ndiyo aliyoikimbia, au kwa sababu ofisi zake zimevunjika. Basi kifungu cha 25 kinasema kwamba nchi iliyompokea imsaidie kupata karatasi hizo, ama yenyewe, ama kwa njia ya chombo cha kimataifa. Tena kinasema kwamba karatasi atakazopewa zisimame mahali pa zile ambazo angepewa na serikali yake, na zisadikiwe mpaka atokee mtu wa kuonyesha kuwa si kweli. Na kama kuna ada, iwe ndogo, ilingane na ile wanayolipa wenyeji.

Angalieni maneno haya, "zisadikiwe mpaka atokee mtu wa kuonyesha kuwa si kweli." Maana yake mkimbizi haombi huruma. Lakini maana yake pia ni kwamba neno lake litapimwa. Mtu yeyote aweza kuja na ushahidi wa kulipinga. Kwa hiyo kazi ya Mama Mwalimu ni kuandaa maneno yanayoweza kupimwa bila kuanguka.

KIAPO NI NINI, NA SI NINI?

Hati ya kiapo, ambayo wengine huiita afidaviti, ni maelezo yaliyoandikwa na mtu mwenyewe, kisha akaapa mbele ya mtu aliyepewa mamlaka na sheria kwamba ni kweli. Katika Kenya mtu huyo huitwa kamishna wa viapo, na mara nyingi ni wakili. Hakimu naye aweza kuapisha.

Wengi hudhani kwamba muhuri wa kamishna unathibitisha kwamba mambo yaliyoandikwa ni kweli. Sivyo. Kamishna hajui kama Mama Mwalimu alisoma au hakusoma. Muhuri wake unasema neno moja tu: kwamba mtu huyu alikuja mbele yangu, mahali fulani, tarehe fulani, akaapa. Ukweli wa maneno uko juu ya kichwa cha mwenye kuapa, na kuapa uongo ni kosa la jinai linaloweza kumpeleka mtu gerezani.

Basi kiapo peke yake ni kama nguzo moja ya nyumba. Inasimama, lakini haishiki paa. Nguzo nyingine ni ushahidi wa pembeni, nao tutaueleza baadaye. Kwanza tuone jinsi ya kuandika kiapo.

KUANDIKA KIAPO

Kiapo huandikwa kwa mafungu yenye namba, na kila fungu lichukue jambo moja. Mama Mwalimu aanze na yeye ni nani: majina yake yote, mahali anapokaa, na namba ya karatasi yake ya ukimbizi. Kisha aseme alisoma wapi: jina la shule, mji, mwaka wa kuanza, mwaka wa kumaliza, na upande wa masomo. Kisha mtihani: mwaka gani, alifanyia kituo gani, alipata nini. Kisha jinsi cheti kilivyopotea. Mwisho aseme anatoa kiapo hiki kwa ajili ya nini.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo wengi wanapojikwaa. Mama Mwalimu alikuwa akiwaambia watu, "Diploma yangu iliungua." Je, aliiona ikiungua? Hakuiona. Jirani alimwambia kwamba nyumba za mtaa ule zilichomwa baadaye. Basi asiape kwamba iliungua. Aandike hivi:

"Fungu la 6. Mwezi wa Septemba 2017 niliacha Diploma yangu nyumbani kwangu Uvira, ndani ya sanduku la bati.

Fungu la 7. Niliporudi baada ya siku mbili nilikuta mlango umevunjwa na sanduku halipo. Sijaiona Diploma hiyo tena.

Fungu la 8. Nimeambiwa na aliyekuwa jirani yangu kwamba baadaye nyumba yangu ilichomwa moto. Mimi mwenyewe sikuona."

Mnaona tofauti? Fungu la 6 na la 7 ni mambo aliyoyafanya na kuyaona. Fungu la 8 ni jambo aliloambiwa, naye anasema wazi ni nani aliyemwambia. Sheria hairuhusu kuyachanganya. Na hata kwa akili tu, afisa anayesoma kiapo humwamini zaidi mtu anayesema "sikuona" pale ambapo hakuona.

Vile vile na alama za mtihani. Mama Mwalimu anakumbuka alipata asilimia 58. Kama ana hakika, aandike 58. Kama ana shaka, aandike kwamba alishinda na kwamba alama kamili haikumbuki vizuri. Asijiongezee. Alama ni jambo linaloweza kupatikana katika daftari za Kongo, na ikiwa kiapo kinasema 70 na daftari linasema 58, basi hata mambo mengine ya kweli yatatiliwa shaka.

JINA NA TAREHE

Kabla ya kwenda kwa kamishna, Mama Mwalimu aweke karatasi zake zote mezani na kulinganisha majina. Wakongo wengi wana majina matatu, na mpangilio wao si kama wa Kenya. Shuleni jina la ukoo liliandikwa mbele na la ubatizo nyuma. Kambini karani aliandika la ubatizo mbele, akaacha moja. Tena tarehe ya kuzaliwa: mtu asiyekuwa na karatasi mara nyingi huandikiwa tarehe 1 Januari. Kwa afisa asiyejua, hawa ni watu wawili.

Dawa yake ni fungu moja katika kiapo linalotaja majina yote kama yalivyoandikwa kila mahali, herufi kwa herufi, na kusema kwamba yote ni ya mtu mmoja, yaani yeye.

Lakini kuna jambo kiapo hakiwezi kuliponya peke yake. Siku ya kuandikishwa kambini, mtu mwingine alimjibia Mama Mwalimu, na karani akaandika kwamba elimu yake ni "shule ya msingi". Aliposikia "shule ya msingi" alidhani anaulizwa kazi yake, maana alifundisha huko! Ikiwa daftari la kambi linasema msingi na kiapo kinasema sekondari, yupi asadikiwe? Hapana budi aende kwanza kwenye ofisi ya Idara ya Huduma kwa Wakimbizi, aeleze kosa, aombe lisahihishwe. Nayo tarehe ya ombi lake aitaje katika kiapo. Kosa lililotajwa mapema na mwenyewe ni jambo dogo. Kosa lililogunduliwa na afisa ni jambo kubwa.

SIKU YA KUAPA

Ninyi mnaojifunza kusoma sasa hivi, sehemu hii ni yenu hasa. Hati za kiapo katika Kenya mara nyingi huandikwa kwa Kiingereza. Mama Mwalimu anajua Kiswahili na Kifaransa. Asitie sahihi kwa sababu karani ana haraka. Ana haki ya kusomewa kila fungu kwa lugha anayoifahamu. Asiyejua kusoma, au asiyejua lugha ile, hati yake iandikwe mwishoni kwamba amesomewa, ameelewa, na kwamba aliyefasiri amefasiri kwa uaminifu. Mwenye kufasiri naye atajwe. Asiyeweza kuandika atie dole gumba.

Shikeni kanuni hii: neno usilolielewa usiliapie. Mwambie msomaji arudie. Ikiwa fungu moja limekosewa, lisahihishwe kabla ya kuapa.

Asitie sahihi nyumbani. Sahihi hutiwa mbele ya kamishna. Kisha atazame mwisho wa hati: je, mahali pametajwa? Tarehe ipo? Jina na muhuri wa kamishna vipo? Hati isiyo na mahali na tarehe ya kuapa ina kasoro, na ofisi yaweza kuirudisha. Karatasi zinazoambatanishwa, kama picha au barua, zipewe alama, mathalani "A", "B", "C", zitajwe kwa alama hizo ndani ya mafungu, nazo zitiwe muhuri na kamishna. Karatasi isiyotiwa alama yaweza kubadilishwa na mtu, kwa hiyo haina nguvu.

NGUZO NYINGINE

Sasa ushahidi wa pembeni. Mama Mwalimu alidhani hana kitu. Tukae naye tuhesabu.

Kwanza, mtihani wa taifa wa Kongo haukuacha alama katika Diploma peke yake. Matokeo hutolewa kwa orodha ya walioshinda, shule kwa shule, na Wakongo huiita orodha hiyo palmare. Nakala yaweza kuwa shuleni au katika ofisi ya ukaguzi wa elimu ya mkoa. Ndugu yake aliyebaki Uvira aweza kwenda shuleni kuomba barua yenye muhuri na picha ya ukurasa ule wenye jina lake. Lakini hapa tahadhari. Anayeikimbia serikali yenyewe asiende ubalozini, wala asimtume ndugu kwenye ofisi za serikali, bila kuuliza kwanza washauri wa sheria wanaosaidia wakimbizi. Karatasi si kitu mbele ya maisha ya ndugu. Mama Mwalimu alikimbia vikundi vyenye silaha, si serikali, hata hivyo aliuliza kwanza.

Pili, kazi yake. Mwalimu anayelipwa na serikali ya Kongo hupewa namba, wanayoiita matrikule, na daraja la mshahara. Mwenye Diploma ya Serikali ya ualimu ya miaka 6 huwekwa daraja D6. Mama Mwalimu ana karatasi moja ya mshahara ya mwaka 2015, iliyokunjwa ndani ya kitabu cha nyimbo, na juu yake imeandikwa D6. Yeye aliiona kama takataka. Kumbe karatasi hiyo inasema kwamba miaka miwili kabla ya vita, ofisi ya mishahara ilimhesabu kuwa mwenye Diploma. Nayo haikuandikwa kwa ajili ya maombi ya leo. Ushahidi ulioandikwa zamani kwa shughuli nyingine una nguvu kuliko ulioandikwa jana kwa shughuli hii.

Tatu, mashahidi. Kambini yuko mzee aliyemfundisha hesabu katika mwaka wa 5 wa sekondari, 2009 hadi 2010. Huyu naye aweza kutoa kiapo chake. Lakini aape anayoyajua yeye: kwamba alikuwa mwalimu wa shule ile miaka fulani, kwamba alimfundisha mama huyu somo fulani, darasa fulani. Kama hakuiona Diploma, asiseme aliiona. Na maneno yawe yake mwenyewe. Afisa akipata viapo vitatu vyenye maneno yale yale, hata koma zikifanana, atajua vimeandikwa na mkono mmoja, na vitatu vitakuwa chini ya kimoja. Shahidi mmoja anayesema "alikuwa akikaa karibu na dirisha, na darasa letu lilikuwa na wanafunzi 43" ana thamani kuliko watano wanaosema "namjua vizuri, ni msomi".

Nne, vitu vidogo: picha ya darasa, ripoti moja ya shule, kitambulisho cha mwanafunzi, hata picha ya Diploma iliyowahi kutumwa kwa simu kwa dada. Vyote vilivyo kwa Kifaransa vifasiriwe, na tafsiri iambatane na nakala.

Na lile sanduku la hatari lisifunguliwe. Wako watu wanaouza diploma zinazofanana kabisa na za kweli. Mama Mwalimu alishinda mtihani kwa haki. Akinunua karatasi ya uongo kusema jambo la kweli, ofisi ikiandika Kongo ikajibiwa "namba hii si yake", atakuwa mghushi, na ule ukweli wake hatausikiliza mtu tena.

BAADA YA KUPELEKA

Mama Mwalimu afunge yote katika jalada moja. Juu aweke ukurasa mmoja wenye historia ya masomo yake mwaka kwa mwaka, na mbele ya kila mwaka aandike ni karatasi gani inayouthibitisha. Mathalani: "2005 hadi 2011, sekondari: barua ya shule, alama B, kiapo cha mwalimu, alama D." Mwaka usio na ushahidi auache wazi, aandike "neno langu tu". Nakala apeleke, asili abaki nazo.

Jalada hilo lina mlango zaidi ya mmoja. Baraza la Mitihani la Kenya lina kazi ya kulinganisha vyeti vya mitihani ya nje na vya Kenya. Chuo nacho chaweza kumpa mtihani wake au mahojiano. Na kuna njia iliyojaribiwa mahali pengine ambayo inatufundisha jinsi maafisa wanavyofikiri. Mwaka 2017 nchi za Ulaya zilianza kutoa Pasi ya Sifa za Elimu kwa wakimbizi. Mwaka 2019 UNESCO ilianza kujaribu pasi ya namna hiyo katika Zambia. Huko mkimbizi hujaza fomu ndefu juu ya masomo yake, hutoa karatasi alizo nazo, kisha huhojiwa kama saa moja na wataalamu wawili wanaojua shule za nchi yake. Humwuliza mlifundishwa masomo gani, mtihani ulikuwa siku ngapi, alama zilihesabiwaje. Aliyesoma hujibu bila shida. Asiyesoma hukwama upesi. Lakini hata pasi hiyo hailazimishi chuo kumpokea mtu. Inaeleza tu kwamba elimu yake imepimwa na kuonekana kuwa ya kuaminika.

Vivyo hivyo jalada la Mama Mwalimu. Laweza kumpatia nafasi kamili, au nafasi ya majaribio, au mwaka wa matayarisho. Laweza pia kukataliwa. Akikataliwa, aombe sababu kwa maandishi. "Huna cheti" si sababu ya kutosha, kwa kuwa hilo ndilo alilolieleza tangu mwanzo. "Hakuna ushahidi wa mwaka wa 6" ni sababu nzuri, maana inamwambia ni nguzo gani inayopungua, naye aweza kuitafuta.

MAZOEZI

1. Muhuri wa kamishna wa viapo unathibitisha jambo gani? Ni jambo gani hauthibitishi?

2. Katika fungu la 6, la 7 na la 8, ni lipi aliloambiwa Mama Mwalimu? Umejuaje?

3. Kwa nini karatasi ya mshahara ya mwaka 2015 ina nguvu kuliko barua ya rafiki iliyoandikwa mwaka huu?

4. Andika mafungu mawili juu ya shule yako wewe, au darasa hili: moja la jambo uliloliona mwenyewe, moja la jambo uliloambiwa, na utaje aliyekuambia. Msomee mwenzako, akuulize, "Umejuaje?"

Zoezi la 4 mpeni mwalimu wenu alisahihishe. Wiki ijayo, saa hii hii, tutajifunza kusoma barua inayotoka ofisini: tarehe yake, kumbukumbu yake, na siku ya mwisho ya kujibu. Kwa leo tumekoma hapa. Kwaherini.